Tairi la lori limepasuka barabara kuu na mpakiaji ameumia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutoa taarifa

Ukurasa huu ni kwa madereva, utingo, wapakiaji, wenye malori na ndugu wa majeruhi, hasa wa njia ya Tanga, Muheza, Segera na Korogwe. Unahusu ajali ya aina moja: tairi la nyuma la lori lenye mzigo linapasuka safarini na mtu wa kupakia na kushusha anaumia. Ajali hizi mara nyingi huandikwa kwa mstari mmoja, "tairi lilipasuka kwa bahati mbaya", na faili linafungwa. Mstari huo hausemi lori lilibeba nini, tairi lilitengenezwa lini wala nani alilitazama mara ya mwisho, na hayo matatu ndiyo yatakayoulizwa na kila ofisi.

Tairi limepasuka sasa hivi na mwenzetu yuko chini. Tuanze na nini?

Mtu kwanza. Kama ameanguka kutoka juu ya mzigo, msimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia. Huenda shingo au uti wa mgongo umeumia, na kumkunja ndiko kunakoweza kumharibu zaidi. Mwacheni alale alipo kama hayuko kwenye njia ya magari, zuieni damu kwa kitambaa safi kwa kukandamiza, na pigeni 112. Mmoja wenu aweke pembetatu za kuakisi mbele na nyuma ya lori kwa umbali wa kutosha. Matawi ya miti yanasaidia mchana, lakini usiku dereva wa basi hayaoni mpaka ameyafikia.

Kati ya Muheza na Segera, hospitali ya karibu kwa kawaida ni Hospitali Teule ya Muheza. Ukiwa upande wa Korogwe iko Magunga, na wenye majeraha makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mtu akitokwa damu au akiwa hajitambui, apelekwe. PF3 ya polisi itafutwe na mtu mwingine huku matibabu yakiendelea.

Jambo la pili, wakati gari bado liko pale: msishushe mzigo, msitupe vipande vya tairi, na msijaze upepo tairi lolote mpaka askari wa usalama barabarani afike na picha zipigwe. Tairi lililokimbia likiwa na upepo mdogo nyaya zake za ubavuni huwa zimechoka, na ukilijaza linaweza kuchanika ubavu mzima mbele ya uso wako. Mtu wa pili ataumia hapo hapo.

Taarifa inapelekwa kwa nani, na kwa muda gani?

Polisi kwanza, mapema iwezekanavyo, kwa sababu ni ajali ya barabarani iliyojeruhi mtu. Wao wataandika maelezo, watachora ramani ya tukio na kuagiza gari likaguliwe na mkaguzi wa magari.

Ajali hii pia ni ajali ya kazini, na hapo ndipo wengi wanaishia njiani. Mpakiaji aliyeumia akiwa kazini anahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipojua kuhusu ajali. Madai yenyewe ya fidia yana muda mrefu zaidi, miezi 12 tangu siku ya ajali, lakini usiutegemee muda huo: tairi na karatasi za mzigo hupotea ndani ya wiki ya kwanza. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, nao wapelekewe taarifa. Ushauri wangu ni iwe siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu mkaguzi akifika mapema anaona vitu vyenyewe, si masimulizi.

Taarifa ya polisi haiwi taarifa ya WCF. Askari hatakupelekea faili huko.

Mume wangu ni kibarua, analipwa kwa siku na hana mkataba. Tajiri anasema si mfanyakazi wake. Je, tumekwama?

Hapana, dada. Kukosa karatasi ya mkataba hakumtoi mtu kwenye ajira. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinataja hali kadhaa, na ikithibitika hata moja mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwenye kupinga athibitishe vinginevyo. Moja ni kwamba namna anavyofanya kazi, au saa zake za kazi, ziko chini ya maelekezo ya mtu mwingine. Nyingine ni kwamba amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mpakiaji anayepanda lori lilelile mara mbili kwa wiki anafikisha saa hizo bila taabu.

Kwa hiyo kusanya ushahidi wa kazi, sio wa mkataba: ujumbe wa simu wa "kesho saa kumi na moja alfajiri uwe kituoni", malipo ya kila mara yaliyoingia kwenye simu kutoka namba ya tajiri au ya dereva, majina ya wenzake wa kwenye lori, daftari la bohari alipotia saini. Malipo ya kwenye simu yana thamani mara mbili, kwani yanaonyesha pia alikuwa akipata kiasi gani, na fidia ya muda ambao hawezi kufanya kazi hukokotolewa kwa asilimia 70 ya kipato.

Hali ikiwa ngumu kidogo ni pale ambapo kuli aliitwa sokoni na mwenye mzigo, sio na mwenye lori. Taarifa iseme wazi ni nani alimwita, nani alikubaliana naye bei na nani alimwambia apande. Msiamue wenyewe nani ndiye mwajiri. Andikeni yaliyotokea.

Alikuwa amekaa juu ya mzigo. Tajiri anataka tuandike alikuwa kwenye kabini. Tufanyeje?

Andikeni alipokuwa. Daktari wa Bombo au Muheza ataandika aina ya majeraha, na mtu aliyeanguka kutoka kimo cha meta tatu hana majeraha ya mtu aliyegonga dashibodi. Majeraha yakipingana na maelezo, faili zima linatiliwa shaka, hata ile sehemu iliyo kweli, na anayecheleweshewa haki ni majeruhi.

Fidia ya WCF haisubiri kumpata mwenye kosa ndipo majeruhi alipwe. Kinachoweza kumletea shida ni madai kwamba alifanya utovu wa makusudi, na kinga yake ni ukweli wenyewe: kabini ilikuwa na watu wangapi, nani aliwaambia wakae juu, na kama ndivyo ilivyokuwa kila safari. Mpakiaji hapandi juu ya mifuko ya saruji kwa kupenda upepo. Anapanda kwa sababu hakuna kiti chake.

Upande wa mzigo, ni nini hasa cha kuandika?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo taarifa nyingi zinapokosea hata pale waandishi wake wanaposema kweli. Wanaandika uzito wa jumla, wakati tairi halijui jumla. Linajua kilichoikalia ekseli yake.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, inayotumika Tanzania tangu Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Lori la ekseli mbili, lile la matairi sita, linaishia tani 18.

Tuchukue mfano wa kutunga lakini wa kawaida sana. Lori la matairi sita lina uzito wa kilo 6,800 likiwa tupu. Linapakia Tanga mifuko 180 ya saruji ya kilo 50, yaani kilo 9,000, na linapimwa linapotoka: mbele kilo 6,400, nyuma kilo 9,400, jumla 15,800. Mpaka hapo kila kitu kiko ndani ya sheria. Likifika Muheza linaongeza mifuko 80 ya chokaa ya kilo 25 inayokwenda Korogwe. Ni kilo 2,000. Kwa kuwa saruji imejaza mbele na katikati, chokaa inapangwa mkiani, nyuma ya ekseli. Jumla sasa ni kilo 17,800. Dereva anasema hajazidisha, na kwa jumla anasema kweli.

Tazama ekseli sasa. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni meta 5, na katikati ya lile rundo la chokaa iko nusu meta nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito unaoongezeka nyuma ni 2,000 mara 5.5 gawanya kwa 5, yaani kilo 2,200. Zile 200 za ziada zimenyanyuliwa kutoka mbele. Ekseli ya nyuma sasa imebeba kilo 11,600, imezidi ukomo kwa kilo 1,600. Ya mbele imebaki na 6,200, na dereva huenda alihisi usukani umekuwa mwepesi bila kujua ni kwa nini. Karibu na Segera tairi la nyuma kushoto la nje linapasuka, lori linayumba kuelekea ukingoni, na mpakiaji aliyekaa juu ya chokaa anarushwa.

Basi kwenye taarifa andika: mifuko mingapi, ya kilo ngapi, ilipakiwa wapi, kwa mpangilio gani, na iliongezwa lini baada ya kupimwa. Ambatisha stakabadhi ya mizani, hati ya kutoa mzigo bohari kwa kila kituo, na mchoro wa mkono unaoonyesha kila rundo na umbali wake kutoka ekseli ya nyuma. Mchoro huo ni muhimu kuliko picha nzuri. Kama mzigo utahamishiwa lori jingine, hesabuni mifuko inaposhuka mbele ya shahidi ambaye si wa kampuni. Kama polisi wakiruhusu lori kutembea na mzigo uleule baada ya kubadilisha matairi, au kukiwa na mizani ya kuhamishika, lipimwe ekseli kwa ekseli, na karatasi hiyo itamaliza ubishi.

Umri wa tairi nitaujuaje wakati limechanika?

Ubavuni tafuta herufi DOT zikifuatiwa na mlolongo wa herufi na namba. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwenye mfano wetu zinasomeka 4114: wiki ya 41 ya mwaka 2014, kwa maneno mengine Oktoba 2014. Ikiwa ajali ilitokea Juni 2025, tairi lilikuwa na zaidi ya miaka 10 na nusu.

Matatizo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, tarakimu za tarehe mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na kwenye matairi pacha upande huo unaweza kuwa umegeukia ndani. Ukipiga picha ya nje na kuona DOT bila tarakimu nne za mwisho, usiandike "tarehe haipo". Subiri litolewe, uangalie upande wa pili. Kama ubavu umechanika, kusanya vipande vyote vya kando ya barabara, hata vile vilivyorukia kwenye mkonge, kwa sababu kipande chenye tarehe ndicho kinachookotwa na watoto.

Pili, stakabadhi ya dukani si umri wa tairi. Mwenye lori atatoa stakabadhi ya 2023 iliyoandikwa "tairi jipya", na huenda kweli kwake lilikuwa jipya. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata, yale meno yanayokanyaga barabara, nzito kabisa na mpira uliokauka. Lililovalishwa upya nalo lina kashata mpya juu ya mwili wa zamani. Andika tarehe zote mbili, ya kutengenezwa na ya kununuliwa, kila moja na chanzo chake. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi lenye zaidi ya miaka 5 likaguliwe na fundi walau kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama kashata zipo. Kwa jua la Tanga na tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi miaka nenda rudi, mimi nisingesubiri kumi.

Andika pia saizi na namba ya ubebaji. Tairi la mfano wetu ni 10.00R20 lenye 146/143. Namba ya kwanza ni ya tairi likifungwa peke yake, ya pili likifungwa pacha: 143 maana yake kilo 2,725. Gawanya zile kilo 11,600 kwa matairi manne upate 2,900. Kila tairi lilizidiwa kwa kilo 175 hata kama yote manne yangekuwa na upepo kamili na kugawana sawasawa.

Je, tairi lenyewe linaweza kuonyesha limepasuka kwa nini?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na ndiyo sababu halitupwi. Lakini kazi ya mwandishi wa taarifa ni kueleza anachoona, na kumwachia mkaguzi kutaja chanzo.

Tairi lililokimbia na upepo mdogo au mzigo uliozidi hupata joto ubavuni. Ndani utaona mpira umekunjamana au umebadilika rangi kuzunguka duara lote, na mara nyingine kashata yote imeachana na ubavu kama pete. Tairi lililogonga jiwe au shimo huwa na mpasuko wa sehemu moja, mara nyingi wenye umbo la msalaba kwa ndani, na sehemu nyingine ni nzima. Mpira wa zamani huonyesha nyufa ndogondogo ubavuni na chini ya mifereji ya kashata. Breki iliyoshika huacha mpira ulioungua na kukakamaa pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa hiyo tazameni na ngoma ya breki kama ina rangi ya kuungua.

Ushahidi unaosahaulika kuliko wote ni tairi mwenzake. Kwenye mfano wetu lile la ndani halikupasuka. Lilipimwa kesho yake asubuhi likiwa limepoa na kukutwa na PSI 62, wakati mwenye lori huyajaza 110. Kuna kanuni ya mafundi kwamba tairi likishuka chini ya asilimia 80 ya upepo wake lihesabiwe kuwa lilikimbia bila upepo, na hapa mpaka huo ni 88. La ndani lilikuwa limelegea, la nje likabeba sehemu yake na ya mwenzake. Huenda la ndani liliumia kwa kupasuka kwa jirani yake, na hilo mkaguzi atalitazama, lakini bila kipimo hicho hakuna ambaye angeuliza. Nje tairi pacha huonekana limesimama vizuri hata likiwa halina kitu, kwa kuwa mwenzake analishikilia.

Ukipima barabarani matairi yakiwa ya moto, andika "ya moto" na saa. Upepo hupanda kwa joto, kwa hiyo 75 ya moto ni ndogo zaidi ya 75 ya baridi.

Hatuna daftari la ukaguzi. Tulijaze sasa?

La hasha. Andikeni: "Hakuna rekodi ya maandishi ya ukaguzi wa upepo kabla ya safari." Ni sentensi chungu kwa mwenye lori, lakini ni bora mara mia kuliko daftari la kughushi, ambalo ni kosa jingine juu ya ajali.

Daftari lililojazwa baadaye linajulikana. Wino ni mmoja na mwandiko haujachoka kwa miezi mitatu. Matairi sita yana PSI 110 kila siku bila kupanda wala kushuka, jambo lisilotokea kwa matairi halisi. Lori "limekaguliwa Tanga" siku ambayo stakabadhi ya mafuta inaonyesha lilikuwa Mombo. Limekaguliwa Jumapili lilipokuwa gereji. Mkaguzi mzoefu huanza na siku ambazo gari lilikuwa limelala.

Kilichopo, hata kidogo, kiambatishwe kama kilivyo: risiti ya fundi wa pancha, picha ya WhatsApp dereva aliyomtumia tajiri akisema tairi la ndani linashuka, ujumbe wa sauti wa kuomba hela ya tairi. Ujumbe kama huo unaonyesha nani alijua na lini. Dereva asiufute, na asikubali simu yake ishikwe na mtu mwingine "aiangalie kidogo".

Lori lina stika ya ukaguzi ya trafiki na leseni ya LATRA. Hiyo haitoshi?

Iwekwe kwenye faili, lakini inathibitisha hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Haisemi chochote kuhusu upepo wa tairi la ndani miezi minne baadaye, wala chokaa ya Muheza.

Taarifa iandikweje? Tupeni mfano.

Ifupishwe, ianze na mtu, ifuate mpangilio wa saa, na kila namba iwe na chanzo. Huu ni mfano wa ajali yetu:

"Tarehe __ Juni 2025, saa __ mchana, kwenye barabara kuu kati ya Muheza na Segera, tairi la nyuma kushoto la nje la lori namba __ lilipasuka likiwa kwenye mwendo wa takriban kilometa __ kwa saa (maelezo ya dereva). Mpakiaji __ alikuwa amekaa juu ya mzigo upande wa nyuma. Alirushwa akaanguka ukingoni kushoto. Kabini ilikuwa na watu watatu. Alifikishwa Hospitali Teule ya Muheza saa __. Hati ya daktari imeambatishwa.

Mzigo: saruji mifuko 180 ya kilo 50, iliyopimwa Tanga ikiwa ndani ya lori (mbele 6,400, nyuma 9,400). Baada ya kupimwa iliongezwa chokaa mifuko 80 ya kilo 25, Muheza, ikapangwa mkiani. Lori halikupimwa tena. Mchoro wa mpangilio umeambatishwa.

Tairi: 10.00R20, 146/143, DOT inaishia 4114, imesomwa upande wa ndani baada ya tairi kutolewa. Stakabadhi ya ununuzi ni ya 2023. Mpira wa ndani umekunjamana na kubadilika rangi kuzunguka duara lote. Tairi la ndani la upande huohuo lilikuwa na PSI 62 kesho yake saa __ asubuhi, likiwa limepoa.

Ukaguzi: hakuna rekodi ya maandishi ya siku ya safari. Dereva anasema aliyagonga matairi kwa nyundo alfajiri na hakutumia geji. Risiti ya pancha ya tairi la ndani, ya wiki mbili kabla, imeambatishwa."

Ona kwamba hakuna mahali palipoandikwa "uzembe" wala "bahati mbaya". Ile risiti ya pancha ya wiki mbili kabla inajisemea yenyewe.

Bima ya lori inahusikaje?

Iarifiwe haraka pia, kwa kuwa masharti ya bima nyingi yanadai taarifa ya mapema na ripoti ya polisi. Lakini mpakiaji aliyeajiriwa asiambiwe asubiri bima ya gari badala ya WCF. Ni njia mbili tofauti. Kama ni kuli wa mwenye mzigo, au raia aliyeumia kando ya barabara, swali la bima ya mtu wa tatu linakuwa na uzito zaidi, na hapo watafuteni msaada wa kisheria.

Mimi ni dereva. Nikiandika kwamba mzigo ulizidi ekseli, si najifunga mwenyewe?

Kaka, mizani na hesabu ya mifuko zitasema hivyo hata ukinyamaza. Kinachoweza kupotea ni ile sehemu unayoijua wewe peke yako: kwamba uliagizwa kwa simu upitie Muheza kuongeza mzigo, kwamba uliomba tairi, kwamba uliambiwa "fika kwanza". Andika saa na aliyekuagiza. Usitie saini maelezo uliyoandikiwa na mtu mwingine mpaka umeyasoma yote, na chukua nakala.

Tairi litunzwe wapi, na mpaka lini?

Litunzwe likiwa kwenye ringi kama bado limeshikamana, pamoja na vipande vyote na lile la ndani, mahali pakavu pasipo jua, likiwa na alama inayosema lilitoka upande gani wa gari. Kama polisi wamelichukua, omba maandishi ya kupokelewa. Kama liko kwa mwenye lori, majeruhi au ndugu yake aombe kwa barua kwamba lisiuzwe wala kupelekwa kwa watengeneza kandambili, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri au picha ya ujumbe uliopokelewa. Muda wake ni mpaka polisi, WCF, OSHA na bima wote wamemaliza, na kila mmoja amesema hivyo kwa maandishi. Ofisi moja ikifunga faili lake, tairi bado ni la nyingine tatu.